Tunga kwanza majibu yasiyo sahihi: karatasi ya wiki ya Hisabati kwa mtoto wa Darasa la Saba

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanyika Septemba. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, na jumla ni 300. Maswali mengi ni ya kuchagua: mtoto anakokotoa, anatafuta jibu lake kati ya A na E, kisha anasiliba herufi kwa penseli ya HB. Vitabu vya kiada, kwa upande mwingine, vina mazoezi mengi ya kuandika jibu tu. Kwa hiyo mzazi anayetaka kutoa karatasi ya mazoezi kutoka kwenye kitabu hana budi kutunga mwenyewe majibu ya kuchagua. Hapo ndipo karatasi nyingi za nyumbani zinapoharibika, kwa sababu jibu sahihi huzungushiwa tarakimu nne zilizookotwa popote. Mtoto akikosa, mzazi anajua kwamba amekosa, lakini hajui kwa nini.

Watunga mitihani huyaita majibu hayo manne vipotoshi, na hawayaokoti. Kila kimoja ni jibu ambalo mtoto angelipata kwa kosa fulani linalojulikana. Mzazi naye anaweza kufanya hivyo bila kuwa mwalimu, mradi aende na mada moja kwa wiki.

Tuchukue mada ya matendo mchanganyiko, ile ambayo watoto huikariri kwa neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Fungua kitabu kwenye mifano iliyokokotolewa, siyo kwenye zoezi. Mfano unakuonyesha hatua, na kila hatua ni mahali ambapo mtoto anaweza kuteleza. Tunga swali lako kwa umbo la mfano huo:

24 ÷ (6 − 2) × 3 + 5 =

Jibu ni 23. Sasa likokotoe tena vibaya, kwa makusudi. Ukienda kutoka kushoto kwenda kulia kana kwamba hakuna mabano wala mpangilio, unapata 11. Ukifuata mpangilio lakini ukaruka mabano, unapata 3. Ukizidisha 4 kwa 3 kabla ya kugawanya, unapata 7. Ukijumlisha 3 na 5 kwanza, unapata 48. Yapange kuanzia dogo hadi kubwa: A 3, B 7, C 11, D 23, E 48. Nyuma ya nakala yako andika kila herufi inatokana na kosa gani.

Swali la pili liwe na umbo tofauti: 30 − (8 + 2) × 2. Jibu ni 10. Mtoto anayekwenda kushoto kulia atapata 48, anayeruka mabano tu atapata 26, na anayetoa 10 kwenye 30 kabla ya kuzidisha atapata 40. Kuna pia 18, jibu la anayeruka mabano kisha akajumlisha kabla ya kutoa.

Hilo la mwisho lina chanzo chake. Mtoto aliyekariri MAGAZIJUTO neno kwa neno anaamini kwamba kujumlisha hutangulia kutoa popote. Mpe 20 − 8 + 5. Akijumlisha 8 na 5 kwanza atapata 7, wakati jibu ni 17. Ile 8 ina alama ya kutoa mbele yake na lazima itembee nayo. Swali moja la namna hii kwenye kila karatasi ya mada hii linatosha kulifichua kosa hilo.

Kabla ya kwenda kutoa kopi, kokotoa maswali yote mwenyewe. Kubadilisha tarakimu za kitabu kunaonekana kazi rahisi, lakini ukiweka 26 badala ya 24 kwenye swali letu la kwanza, kugawanya kwa 4 kunaleta desimali, na mtoto anaanza kupambana na mada nyingine kabisa. Kama anasoma shule ya Kiingereza, andika maswali kwa Kiingereza, maana ndivyo atakavyoyakuta kwenye mtihani.

Maswali 12 yanatosha kwa wiki. Sita yawe ya mada mpya, manne ya mada zilizopita, na mawili ya mwisho yasiwe na majibu ya kuchagua, ili aandike njia na jibu. Acha nafasi pana chini ya kila swali, kwa sababu ukokotoaji wake ndio utakaousoma. Akifanyia rafu kwenye karatasi nyingine akaitupa, umebaki na herufi tu. Kikokotoo kikae mbali.

Kusahihisha ndiyo kazi yenyewe. Tuseme amepata nane kati ya 12, na kwenye maswali yetu mawili ya mabano amechagua 11 na 48. Majibu hayo mawili yanasema jambo moja: anakokotoa kwa kufuata mkondo wa kusoma, haoni mabano wala mpangilio. Huyo mrudishe kwenye mfano wa kitabu, umwambie apigie mstari sehemu itakayofanywa kwanza kabla hajaandika tarakimu yoyote. Kwenye karatasi ya wiki inayofuata weka maswali mawili ambayo hayatafuti jibu. Yanauliza tu, utaanza wapi?

Lakini kama amechagua 3 na 26, usimfundishe mpangilio upya, kwa sababu anaujua. Kinachomtoroka ni mabano. Mwandikie 24 ÷ (6 − 2) na 24 ÷ 6 − 2 pembeni yake, akokotoe yote mawili. Akiona la kwanza linaleta 6 na la pili 2, mmezungumza vya kutosha.

Akikosa swali moja tu la aina fulani huku mengine ya aina hiyo akiyapata, huenda ni haraka. Mwombe alifanye tena mbele yako bila kumwambia amekosa wapi. Akilipata, liache. Kosa lililojirudia mara mbili liandike kwenye daftari pamoja na tarehe, na lirudi kwenye karatasi ya wiki inayofuata, kisha tena baada ya wiki tatu, kwa tarakimu tofauti. Ile nafasi ya maswali manne ya mada zilizopita imewekwa kwa kazi hiyo.

Masomo mengine yana taratibu zake. Kwenye ufahamu wa Kiswahili, usitumie habari aliyokwisha kuisoma darasani, maana atajibu kwa kumbukumbu. Kwenye Sayansi na Teknolojia, vipotoshi vizuri hupatikana kwenye ukurasa uleule wa kitabu: ukiuliza kazi ya chembe nyekundu za damu, vipotoshi viwe kazi za sehemu nyingine za damu.

Ukikwama kutunga vipotoshi, Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake, necta.go.tz, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo kila swali linaelezwa: watahiniwa wangapi walichagua herufi ipi, na waliokosa walifikiri nini. Ni taarifa zilizoandikwa kwa walimu, lakini mzazi aliyesoma kurasa chache za Hisabati hatatunga tena swali kama zamani. Kama huna kitabu, Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vyake kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Hakikisha tu ni kitabu cha mtaala anaousoma mtoto wako, kwa kuwa wadogo zake wanaweza kuwa kwenye mtaala mwingine.

Ikifika Agosti, acha karatasi za mada moja. Changanya mada zote, mpe fomu ya kusiliba uliyoichora kwa rula, na umwekee saa mezani. Kwenye kusahihisha angalia kitu kipya: kama jibu sahihi limo kwenye ukokotoaji wake lakini herufi iliyosilibwa ni ya swali la chini yake, tatizo si Hisabati. Mwelekeze aandike namba ya swali kando ya kila ukokotoaji, na kila baada ya maswali matano alinganishe namba hizo na mistari ya fomu.