Glasi Zikitoka Mashineni na Utando Mweupe

Wakazi wanaotumia mashine ya kuoshea vyombo wanashauriwa kuloweka glasi moja yenye utando mweupe ndani ya siki kwa dakika 15 kabla ya kubadilisha sabuni. Utando ukitoka, hiyo ni chokaa ya maji magumu. Usipotoka, glasi yenyewe imelika na haitang'aa tena.

Mfano ni nyumba ya wageni mjini Malindi inayotumia maji ya kisima. Maji hayo hupita kwenye miamba ya matumbawe na kubeba kalsiamu. Ndani ya mashine kuna sehemu ya kulainisha maji, yenye chembe zinazonasa kalsiamu. Chembe hizo zikijaa, maji ya chumvi huzisafisha. Chumvi ikiisha, chokaa hupita na kukaukia kwenye glasi.

Dawa ya kusuuzia ina kazi tofauti: hufanya maji yateremke badala ya kubaki matone. Ikiongezwa ili kuziba pengo la chumvi, utando hubaki na michirizi ya samawati hutokea.

Hivyo, kwanza jaza chumvi ya mashine. Chumvi laini ya jikoni hugandamana. Pili, pima maji kwa karatasi za kupimia ugumu, kisha urekebishe kipimo cha mashine. Kikizidi, maji huwa laini mno, na sabuni nyingi huila glasi. Mwisho, matone yakibaki, ongeza dawa ya kusuuzia kwa hatua moja tu.