Pochi ya pili inaonekana imebandikwa? Tatizo ni ukungu

Somo la leo nimelilipia kwa oda ya pochi sita, kwa hiyo nyie lichukueni bure.

Mimi nauza pochi za kike. Kuna rafiki yangu anapiga picha za harusi, akanisaidia kupiga pochi yangu nyekundu kwa kamera yake yenye lenzi ya milimita 50, uwazi f/1.8. Tuliiweka juu ya meza ndefu yenye kitambaa cha mistari, na ukutani nyuma nikatundika vile vitaa vidogo vya mapambo. Picha ikatoka balaa. Pochi inaonekana hadi nyuzi za mshono, na vitaa vimegeuka miduara mikubwa laini.

Baadaye mzigo wa pochi nyeusi ukaingia, rafiki yangu kashasafiri. Nikaona isiwe tabu. Nikapiga nyeusi kwa simu dirishani, nikaikata, nikaibandika kwenye picha ile ile, pembeni na nyuma kidogo ya nyekundu. Nikaposti.

Mteja wa mkoani aliyekuwa anataka sita akaniandikia: "Dada, hiyo nyeusi umebandika. Unayo kweli au unatuchezea?" Nikamtumia video nikiwa nimeishika mkononi, lakini wasiwasi ulishamwingia. Akaaga kwa adabu, hakurudi. Pochi ilikuwepo dukani! Kilichonifanya nionekane tapeli ni picha.

Nilikaa nayo ile picha muda mrefu nikitafuta kosa. Mwanga ulikuwa unatoka upande mmoja, kivuli niliweka. Kosa lilikuwa hili: kitambaa cha meza pale pochi nyeusi ilipokaa kilikuwa kimeanza kuwa na ukungu, lakini pochi yenyewe ilikuwa kali kama wembe. Jicho la mteja halijui mambo ya lenzi, ila linajua kitu kikali hakiwezi kukaa katikati ya ukungu.

Sasa tuelewe lenzi inafanya nini. Ukifokasi kwenye kitu kilicho mita 1 kutoka kwenye kamera, chukulia kuna kioo cha dirisha kimesimama wima hapo kwenye mita 1, kimetazamana na kamera. Kila kinachogusa kioo hicho kinatoka kikali, kiwe katikati ya picha au pembeni. Kinachokaa mbele au nyuma ya kioo kinaanza kupata ukungu, na unaongezeka kadiri kinavyokwenda mbali na kioo. Kwenye picha yako hicho kioo hukioni, ila unaweza kukitafuta. Angalia meza, sakafu au mkeka. Kuna sehemu nyembamba inayokatiza picha ambapo nyuzi za kitambaa zinahesabika. Hapo ndipo kioo kilipo. Kwangu kilipita kwenye uso wa mbele wa pochi nyekundu.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujagusa ukungu wowote ni hili: kitako cha kitu ninachobandika kinagusa meza wapi? Ukungu wa kitu unaamuliwa na pale kinapokaa. Pochi yangu nyeusi nilitaka ikae sentimita 25 nyuma ya nyekundu, maana yake sentimita 125 kutoka kwenye kamera. Hiyo namba inakupa pia ukubwa: pochi mbili zinazolingana, ya nyuma itaonekana 100 gawanya kwa 125, yaani asilimia 80 ya ile ya mbele. Mimi mwanzo nilikuwa nimeziweka sawa, na hilo nalo lilichangia.

Sasa ukungu wenyewe ni kiasi gani? Jaribio langu la kwanza la kurekebisha lilikuwa la kijinga. Nilitazama vitaa vya nyuma, nikaipa pochi ukungu kama wa vitaa. Ikawa mzimu. Vitaa vilikuwa mita 3 kutoka kwenye kamera, pochi iko sentimita 125, haiwezekani vikapata ukungu sawa. Lakini vitaa hivyo hivyo ndivyo vilivyonipa jibu, kwa sababu kitaa ni nukta ndogo, na upana wa mduara uliogeuka ni kipimo cha ukungu wa lenzi mahali pale.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua umbali wa kitu kutoka kwenye kioo cha fokasi, gawanya kwa umbali wake kutoka kwenye kamera. Vitaa: sentimita 200 gawanya kwa 300, ni theluthi mbili. Pochi nyeusi: 25 gawanya kwa 125, ni moja ya tano. Nikapima mduara wa kitaa kwenye picha yangu yenye upana wa pikseli 1500, ukawa na pikseli 60. Kama theluthi mbili ni 60, nzima ni 90. Moja ya tano ya 90 ni 18. Basi kitu kilichokaa pale nilipotaka kuweka pochi kinatakiwa kuwa na ukungu wa pikseli 18.

Sikuamini hesabu peke yake. Nikavuta picha karibu mpaka asilimia 400, nikaangalia mstari wa kitambaa pale pale kitakapokaa kitako cha pochi. Mstari mkali unabadilika rangi ghafla, wa ukungu unabadilika pole pole. Nikahesabu pikseli kutoka rangi moja mpaka nyingine, zikawa kama 18 hivi. Kama picha yako haina taa, au hukupima umbali siku ya kupiga, basi tumia njia hii ya mstari tu, inatosha kabisa.

Hesabu hiyo inaonyesha na jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kitu kikiwa mbele ya kioo ukungu unakuja haraka zaidi. Sentimita 25 mbele ni 25 gawanya kwa 75, ni theluthi moja, yaani pikseli 30. Ili upate ukungu huo huo nyuma inabidi uende sentimita 50. Ndiyo maana ua au kikombe kilichobandikwa mbele kabisa ya bidhaa kinaonekana cha uongo watu wakikipa ukungu mdogo.

Twende kwenye kazi. Natumia Photopea kwa sababu inafunguka kwenye brauza bila kulipia. Kwanza punguza ukubwa wa kitu na ukiweke mahali pake, ndiyo uje kwenye ukungu. Ukitia ukungu halafu ukapunguza picha, na ukungu unapungua. Kisha nenda `Filter > Blur > Gaussian Blur`. Hapa watu wanaandika 18 kwenye `Radius`, wanaharibu. Ukungu wa `Gaussian Blur` unasambaa mbali kuliko namba yake. Chukua upana wa mduara ugawanye kwa 4. Mimi 18 gawanya kwa 4, nikaandika 4.5, na ukingo wa pochi ukalingana na mstari wa kitambaa jirani.

Kosa lililonisumbua siku nzima ni la ukingo. Pochi ndani imelainika vizuri, lakini pembezoni imebaki kali kama imekatwa na mkasi. Sababu ni kwamba nilikuwa nimeikata kwa maski. Filta ilitia ukungu kwenye picha, maski ikabaki vile vile na ukingo wake mkali. Dawa ni kubofya leya kitufe cha kulia, ukachagua `Convert to Smart Object`, ndipo utie ukungu. Hapo picha na ukingo vinalainika pamoja. Na faida yake ni kwamba namba ya ukungu unaweza kurudi kuibadilisha. Ukiona utepe mweupe unazunguka kitu chako baada ya ukungu, huo ni ukuta wa picha ya kwanza uliobaki kwenye ukingo. Rudi ukate ndani zaidi kwa pikseli moja au mbili.

Kivuli nacho hakisahauliki. Kivuli cha pochi nyeusi kimelala kwenye kitambaa chenye ukungu, kwa hiyo hakiwezi kuwa na ukingo mkali kuliko kitambaa chenyewe. Na pale pochi ya nyuma inapopita nyuma ya nyekundu, ukingo wa nyekundu lazima ubaki mkali. Ukungu wa nyeusi usimwagike juu yake, kwa hiyo leya ya nyekundu iliyokatwa vizuri ikae juu.

Bakoli ya chuma ilinitesa kidogo. `Gaussian Blur` inafifisha ule mng'ao wa chuma, unabaki doa la kijivu. Lenzi ya kweli haifanyi hivyo, inaugeuza mng'ao kuwa kiduara chenye ukingo, kama vitaa vya nyuma. Kwenye Photoshop `Lens Blur` inafanya hivyo, na huko `Radius` unaweka karibu na nusu ya mduara, kwangu 9. Kwa sisi wa bure, nilichora kiduara cha pikseli 18 cha rangi ya mng'ao juu ya doa, nikakififisha kidogo. Kimoja kinatosha, viwili vikizidi.

Mwisho wa yote rudisha chenga. Picha ya kamera ina vichenga vidogo vidogo hata sehemu zenye ukungu, na ukungu wako umevifuta kwenye pochi, ikawa laini kama plastiki. `Filter > Noise > Add Noise`, kiasi kidogo sana, asilimia 1 au 2, ukilinganisha na kitambaa cha jirani.

Njia hii ina mipaka yake. Kitu kirefu kinachoanzia kwenye kioo na kwenda nyuma, kama kiatu kilicholala, hakiwezi kupewa ukungu mmoja. Inabidi uwe na leya mbili, kali na ya ukungu, halafu uzichanganye kwa maski inayofifia kuelekea nyuma. Na picha ya nyuma ikiwa imepigwa kwa simu kwenye ule mtindo wa potreti, hesabu ya umbali usiitegemee, kwa sababu simu inabuni ukungu yenyewe. Hapo pima mstari wa jirani tu. Tena kama kitu unachokibandika kilipigwa na ukungu tayari, usikiweke kwenye kioo cha fokasi. Kukitia ukali kwa filta kunaleta ukingo mweupe na mteja ataona.

Picha ya pochi mbili niliiposti upya. Ila sasa nyeusi inayoonekana nyuma ina picha yake ya pili inayofuata, ya simu, kali, bila ukungu, mshono na zipu vinaonekana. Mteja anayetaka nyeusi analipia anachokiona pale, siyo ile ya nyuma.