SOMO: UMEUMIA KAZINI, TAARIFA ITOLEWE SIKU ILE ILE

Leo twende shamba la mkonge. Tuchukue mfano wa mkataji mmoja, namba yake ya kazi ni 214. Ameinama anakata majani ya chini. Jani la juu linamchoma jichoni kwa ule mwiba wa nchani. Jicho linatoa machozi, linauma, halafu linatulia. Anajifuta, anamaliza kazi yake, jioni anakwenda nyumbani kimya. Siku ya nne jicho limevimba na haoni sawasawa. Ndipo anakwenda kwa mnyapara. Mnyapara anamwuliza, "Ndugu, tutajuaje kama hukuchomwa na kuni huko kwako?" Hana la kujibu.

Mwiba wa mkonge hudanganya. Tundu lake ni dogo sana, lakini huweza kuingiza uchafu ndani ya jicho, na ubaya ukaonekana siku za mbele. Kwa hiyo hata jicho likitulia, toa taarifa.

Kabla ya kalamu, jicho kwanza. Usilisugue wala usilibonyeze. Kama kitu kimenasa, usikichomoe. Usitie maziwa wala dawa ya majani. Mwenzako alifunike kwa kitu kisafi kisichogusa jicho lenyewe, kwa mfano kikombe, kisha uende kwa mganga siku ile ile. Mwenzako mwingine ndiye amwite mnyapara. Kisu na lile jani viachwe palepale, maana ofisa usalama akija atataka kuona jambo lilivyotokea.

Sasa taarifa. Wengi wetu huandika hivi: "Niliumia jicho shambani, naomba msaada." Ni kweli, lakini ofisa hawezi kuifanyia kazi. Tazameni hii:

"Kwa Mnyapara, Kitalu cha 7. Nakala kwa Ofisa Usalama. Mimi ni mkataji namba 214. Leo Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa 3 na dakika 20 asubuhi, nilichomwa jicho la kulia na mwiba wa jani la mkonge. Ilikuwa Kitalu cha 7, mstari wa 12. Nilikuwa nimeinama nakata majani ya chini. Sikuwa na miwani ya kinga, sijagawiwa. Namba 198 alikuwa mstari wa jirani, aliona jani likinichoma. Namba 220 hakuona, alisikia nikipiga kelele akaja. Namba 198 alinifunika jicho kwa kikombe. Namba 220 alimwita mnyapara, akafika saa 3 na nusu. Saa 4 na robo nilifika zahanati, mganga akaniandikia kwenda hospitali ya wilaya."

Angalieni neno "asubuhi". Ukiandika "saa 3" tupu, mtu wa ofisini anaweza kudhani ni saa 3 usiku, au ni saa 3 ya kizungu, yaani saa 9 yetu. Angalieni pia mashahidi. Aliyeona ameandikwa kuwa aliona, na aliyesikia kuwa alisikia. Wakiitwa mmoja mmoja, maneno yao yatalingana na karatasi.

Habari ya miwani ni ngumu kidogo. Hapo mwandishi hakusema "mnyapara ni mzembe". Amesema hakugawiwa, basi. Daftari la stoo litaonyesha. Na kama uligawiwa ukaiacha nyumbani, andika hivyo hivyo. Uongo mmoja ukigunduliwa, hata yale ya kweli hayataaminiwa.

Kama huwezi kuandika kwa sababu ya maumivu, mweleze mnyapara kwa mdomo mbele ya mashahidi, na mwenzako aandike. Lakini usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kuisoma yote au kusomewa. Tafuta hasa maneno kama "ameumia kidogo" au "amepona". Hayo ni ya mganga kusema. Andika nakala mbili. Mnyapara atie sahihi, tarehe na saa ya kupokea katika nakala yako, nawe uitunze pamoja na karatasi za hospitali.

Kwa nini haraka hivyo? Hapa Tanzania, mwajiri akipata habari ya ajali anatakiwa kuipeleka kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi katika siku 7. Yeye atapelekaje jambo ambalo hukumwambia? Na ajali isipotolewa taarifa kabla ya miezi 12 kwisha, haki ya fidia huweza kupotea.

ZOEZI. Mpakiaji ameangukiwa mguuni na mzigo wa majani ya mkonge saa 10 jioni. Dereva aliona, mpishi alisikia tu. Andika taarifa ya mistari minane. Halafu mpe jirani yako aisome, akueleze ajali ilivyokuwa. Akikuuliza swali lolote, jibu lake liongeze katika taarifa.