Ukimbloki, Je, Amefutika?

Swali hili huulizwa mara nyingi na vijana wa sekondari: "Nikimbloki mtu kwenye WhatsApp, zile meseji zote za nyuma zinafutika kwake?" Jibu ni fupi: hapana. Hata moja haifutiki. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu wengine huamini wako salama kumbe bado, na wengine huogopa mambo ambayo hayapo. Hebu tulichambue kwa kutumia mfano.

MFANO: BINTI WA MTAA WA SIKUKUU

Chukua binti wa miaka 16, Kidato cha Tatu, anayeishi na mama yake Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo simu yake huishika jioni na wakati wa likizo. Siku moja kioo chake kinapasuka, anakwenda kwa fundi Mtaa wa Aggrey. Kijana wa pale, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, anaomba namba "ili nikujulishe kioo kikifika." Basi wanaanza kuchati.

Baada ya wiki tatu kijana anabadilika. Anataka wakutane mahali binti asikokutaka. Binti anapokataa, anaandikiwa: "Usipokuja Jumamosi, mama yako atasoma yote uliyoniandikia. Duka lake nalijua."

Binti anatetemeka. Katika chati kuna maneno ya mapenzi. Kuna ujumbe aliosema amemdanganya mama kwamba yuko tuisheni. Kuna picha mbili: moja ya sare ya shule aliyoituma wiki mbili zilizopita, na nyingine aliyoituma jana usiku. Haraka haraka anabonyeza "Block", kisha anaifuta chati yote. Anakwenda kwa dada yake mkubwa.

"Dada, yameisha. Nimembloki na kila kitu nimefuta."

"Umefuta kwenye simu ya nani?" dada anauliza.

"Si yangu?"

"Haya. Na yeye ana yake, mdogo wangu."

Hapo ndipo penye somo letu.

KWA NINI MESEJI HAZIFUTIKI?

Fikiria barua za posta. Ukimwandikia mtu barua kumi, barua hizo ziko kwenye sanduku lake la nguo. Siku ukigombana naye unaweza kufunga mlango wa nyumba yako, asiingie tena. Lakini kufunga mlango wako hakuchomi barua zilizoko kwake.

WhatsApp ni vivyo hivyo. Ujumbe ukishafika huwa kuna nakala mbili: moja katika simu yako, nyingine katika simu ya uliyemtumia. Kubloki ni kuzuia ujumbe mpya usipite kati yenu. Hakugusi nakala ya zamani, si yako wala yake. Na ukifuta chati, unafuta nakala yako tu. Yeye bado anaweza kufungua chati, akasoma, akatazama picha, akamtumia mtu mwingine.

Sasa umeona kosa la binti wetu? Kwa kufuta chati hakupunguza chochote kwa yule kijana, lakini amepoteza ule ujumbe wa vitisho. Aliyetishwa hana ushahidi, aliyetisha bado ana kila kitu.

KINACHOFUTA KWA WOTE WAWILI

Ipo njia moja ya kufuta hata kwa mwenzako. Unabonyeza na kushikilia ujumbe uliouandika wewe, unachagua kufuta, kisha "Delete for everyone". Lakini ina mipaka mitatu.

Kwanza, ina muda. Unayo nafasi ya siku mbili na zaidi kidogo tangu ulipotuma, basi. Ile picha ya jana usiku binti angeweza kuiondoa. Picha ya sare, yenye wiki mbili, muda wake umepita.

Pili, huacha alama. Mahali pa ujumbe hubaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Kwa hiyo atajua kulikuwa na kitu. Na kama alikwisha kuipiga picha skrini, kuihifadhi mahali pengine au kuituma kwa rafiki, nakala hizo hazifutiki.

Tatu, mpangilio wa hatua. Ukishambloki mtu, huwezi tena kumtumia chochote mpaka umfungulie. Kwa hiyo anayetaka kufuta kwa wote afute kwanza, abloki baadaye. Binti wetu alianza na mwisho.

ALIYEBLOKIWA ANAONA NINI?

Sasa tuhamie upande wa pili, kwenye simu ya yule kijana. WhatsApp haimpelekei taarifa kwamba amebloki­wa. Jina la binti na namba yake vinabaki katika orodha yake kama kawaida, na chati nzima ya zamani ipo.

Kinachobadilika ni haya. Akituma ujumbe, anaona tiki moja tu. Ya pili haiji. Akipiga simu ya WhatsApp, haimfikii binti. Haoni tena kama binti yuko hewani wala mara ya mwisho alipoingia. Stetasi mpya za binti hazioni, na binti akibadilisha picha ya profaili, mabadiliko hayo hayamfikii.

Je, atajua kwa hakika? Hapana, atahisi tu. Tiki moja inaweza pia kumaanisha kwamba simu imezimwa au bando limekwisha, mambo ambayo sote tunayajua. Na mtu anaweza kuficha picha yake na muda wake wa mwisho kwa mipangilio ya faragha bila kumbloki yeyote. Lakini zikija dalili zote kwa pamoja kwa siku kadhaa, wengi hukisia.

Jambo jingine ambalo vijana huuliza: meseji alizotuma wakati umembloki zinakwenda wapi? Hazikufikii kamwe. Hata ukimfungulia mwezi ujao, hutaziona. Zitakazofika ni zile atakazotuma baada ya kumfungulia.

MILANGO MINGINE ILIYOBAKI WAZI

Dada mtu alimwuliza mdogo wake: "Mna grupu lolote la pamoja?" Wapo katika grupu moja la mashabiki wa mpira la mtaani. Hapo kubloki hakusaidii. Waliobloki­ana wakiwa katika grupu moja, kila mmoja huona anachoandika mwenzake na namba yake. Dawa ni mmoja atoke, au wewe ukae kimya humo.

Mlango wa pili ni laini yenyewe. Kubloki WhatsApp hakuzuii simu ya kawaida wala SMS. Hizo zinazuiwa kwenye mipangilio ya simu yenyewe. Fahamu pia kwamba katika simu nyingi SMS za namba iliyozuiwa hazipotei. Huwekwa kando katika folda ya zilizozuiwa. Usizisome kila saa ukajiumiza, lakini usizifute. Zinaweza kuhitajika.

Mlango wa tatu ni namba ngeni. Mtu akiamua anaweza kutumia laini nyingine. Usimjibu. Kumbuka kwamba Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo namba "ngeni" ina mwenyewe, na polisi wanaweza kumtafuta.

BINTI ANGEFANYA NINI?

Tumrudishe nyuma hadi ile dakika aliposoma kitisho, tuone mpangilio mzuri zaidi.

Kwanza asingejibu chochote, wala kuomba msamaha. Angepiga picha za skrini za vile vitisho, zikionyesha namba ya mtumaji na tarehe. Zingehifadhiwa pia katika simu ya dada, kwa sababu simu moja huibiwa au kuharibika.

Pili, angeondoa ile picha ya jana kwa "Delete for everyone", muda ukiwa bado upo.

Tatu, angeweza kubonyeza "Report". WhatsApp hupokea ujumbe wa mwisho mitano aliyokutumia mtu huyo, na yeye haambiwi kwamba ameripotiwa. Ila soma skrini polepole: katika hatua hiyo unaweza kuulizwa kama unataka pia kubloki na kufuta chati. Usikubali kufuta kabla hujahifadhi ushahidi. Baada ya hapo, bloki WhatsApp, bloki laini, toka grupu.

Nne, na hii ndiyo ngumu: angemwambia mama. Nguvu yote ya kitisho imo katika sentensi moja, "mama yako atasoma." Mama akishajua kutoka kwa mwanawe, yule kijana hana kitu cha kuuza.

"Atanipiga," binti alisema.

"Atakasirika, ndiyo," dada akajibu. "Mimi nitakaa pembeni yako. Bora alie leo na wewe, kuliko Jumamosi asimuliwe na yule dukani."

Usiku ule walimweleza. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kuhusu tuisheni aligomba kweli. Kisha akauliza, "Ulikwenda huko alikokuita?" Aliposikia hapana, akashusha pumzi. "Jumamosi hutoki," akasema. "Nitatoka mimi."

Ukikosa mtu wa kumwambia nyumbani, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua ni kosa chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nenda na mtu mzima unayemwamini, na ile simu yenye ushahidi.

JIPIME

Jibu NDIYO au HAPANA, kisha jadilini katika klabu yenu.

1. Nikimbloki mtu, picha niliyomtumia mwezi jana inafutika kwake.
2. Anaweza kusoma ninachoandika katika grupu letu sote.
3. Nikimfungulia, meseji alizotuma nilipokuwa nimembloki zitaingia.
4. Tiki moja ni uthibitisho kwamba nimeblokiwa.
5. Nikitaka kufuta kwa wote wawili, nifute kabla ya kubloki.

Majibu: 1. Hapana. 2. Ndiyo. 3. Hapana. 4. Hapana. 5. Ndiyo.

Swali la mjadala: Rafiki yako anakuonyesha kitisho kama kile na kukuambia, "Usimwambie mtu, nimeshafuta." Utamwambia nini, na utaanza na lipi?