Mwana wa Nani? Jina la Baba katika Injili na katika Kitabu cha Ubatizo

Yesu alipomjibu Petro kule Kaisaria Filipi, alimwita kwa jina lake kamili: Simoni Bar-Yona (Mt 16:17). Sisi tuliozoea fomu zenye nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo tungeweza kudhani Bar-Yona ndilo jina la ukoo wa Petro. Sivyo. Kwa Kiaramu “bar” ni mwana, na Yona ni baba yake. Kama Simoni angepata mtoto wa kiume akamwita Yosefu, mtoto huyo angekuwa Yosefu Bar-Simoni. Jina la Yona lisingemfuata mjukuu.

Huo ndio mfumo wote. Jina la kwanza ni la mtu mwenyewe, na jina la pili ni lile la kwanza la baba yake. Likiongezwa la tatu, ni la babu. Kila kizazi kinapozaliwa, jina jipya linaingia mbele na la mwisho linadondoka. Ndugu wa baba mmoja watakuwa na jina la pili moja, lakini baba na mwanawe hawatakuwa nalo.

Kazi ya jina la baba tunaiona katika orodha ya Mitume. Walikuwako akina Yakobo wawili, kwa hiyo Mathayo anaandika Yakobo wa Zebedayo na Yakobo wa Alfayo (Mt 10:2-3), na hakuna wa kuwachanganya. Bartolomayo, yaani mwana wa Tolmai, anajulikana katika orodha hizo kwa jina la baba peke yake. Marko anapomtaja kipofu wa Yeriko anatafsiri kwa faida ya wasiojua Kiaramu: mwana wa Timayo, Bartimayo (Mk 10:46). Tukishajua hilo, jina lake mwenyewe hatujaambiwa.

Hata hivyo si kila “bar” hutaja mzazi. Barnaba aliitwa Yosefu, na Mitume ndio waliompa jina hilo, ambalo Luka anasema maana yake ni mwana wa faraja (Mdo 4:36). Tena Luka anapoandika “Yuda wa Yakobo” (Lk 6:16), Kigiriki chake hakina neno mwana. Wengi wanasoma kuwa Yakobo ni baba, wengine wamesoma kuwa ni ndugu. Sisi tunaona baba ndiyo maana ya kawaida ya maneno hayo, ila maandishi yenyewe hayamalizi swali.

Kwetu Tanzania mfumo huu hauko mbali. Rais Samia Suluhu Hassan ni Samia, binti wa Suluhu, na Suluhu ni mwana wa Hassan. Mume wake ni Hafidh Ameir, lakini jina la Samia halikubadilika kwa kuolewa, na katika mfumo huu hakuna sababu libadilike, maana aliyeolewa hajabadilisha baba.

Mfano wa pili unaonyesha mfumo ukiganda njiani. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama akaitwa Kambarage, na alipobatizwa mwaka 1943 akachukua jina la Julius. Nyerere lilikuwa jina la baba yake mwenyewe, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na Burito ni babu. Hadi hapo jina la baba limekaa mahali pake. Lakini mwanawe ambaye amekuwa mwanasiasa anajulikana kama Makongoro Nyerere, si Makongoro Julius wala Makongoro Kambarage. Jina la mtu mmoja limegeuka jina la familia. Ndivyo majina mengi ya ukoo yalivyozaliwa duniani, na katika parokia zetu familia nyingi ziko katikati ya mageuzi hayo hayo: mtoto mmoja anaandikwa kwa jina la baba, mdogo wake kwa jina la babu.

Hapa ndipo ofisi ya paroko inapopata shida. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana anakuja kuomba cheti cha ubatizo ili afunge ndoa. Kitambulisho chake kinasema Petro Masanja. Katibu anafungua faharasa iliyopangwa kwa majina ya pili, anatafuta chini ya M na hapati kitu. Anataka kumwambia kijana kwamba hakubatizwa hapa. Lakini baba yake ni Yohana, mwana wa Masanja. Siku ya ubatizo mtoto aliandikwa Petro Yohana. Alipoanza shule mwalimu akamwandika kwa jina la babu ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalitumia. Kosa lingine ni baya zaidi: katibu anaona Petro Yohana wa mwaka ule ule, anafurahi, anaandika cheti, kumbe ni mtoto wa Yohana mwingine wa kigango cha jirani. Ndoa ikishafungwa, taarifa yake itaandikwa pembeni mwa ubatizo wa mtu asiyehusika. Siku huyo wa pili akija kuoa, kitabu kitasema tayari ana mke.

Kinga iko katika kanuni ya 877, inayodai kitabu kiwe na majina ya mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi na mashahidi, pamoja na mahali na tarehe ya ubatizo na ya kuzaliwa. Kwa hiyo tusitafute kwa jina la pili. Tuanze na jina la ubatizo na mwaka, tuangalie kigango, kisha tumwulize kijana jina la mama na la msimamizi kabla ya kumwonyesha kitabu. Akina Petro Yohana wawili wanawezekana kabisa. Wawili wenye mama mmoja, msimamizi mmoja na siku moja ya kuzaliwa, hapana. Na ikiwa mama hana ndoa, nafasi ya baba isijazwe kwa kubahatisha ili tu mtoto apate jina la pili. Kanuni hiyo hiyo inataka hati ya serikali inayothibitisha, au baba mwenyewe akiri mbele ya paroko na mashahidi wawili.

Jambo la mwisho linahusu uchunguzi wa wachumba. Watoto wa ndugu wawili wako katika daraja la nne la undugu wa damu, na kanuni ya 1091 inabatilisha ndoa yao isipotolewa ruhusa maalumu. Sasa tazama majina: Ana Paulo na Daudi Petro. Majina mawili hayaonyeshi undugu wowote. Tukiomba la tatu tunapata Ana Paulo Yohana na Daudi Petro Yohana, na hapo inatupasa kuuliza kama Yohana ni mmoja. Lakini kama baba wa Ana ni kaka wa mama wa Daudi, jina la tatu la Daudi litatoka kwa babu mzaa baba, na orodha haitafunua chochote hata tukiongeza la nne na la tano. Jina la baba hufuata upande mmoja tu wa damu. Kwa hiyo katika faili la ndoa tunaandika majina ya mababu wote wanne na mabibi wote wanne, upande wa bwana arusi na wa bibi arusi, na swali la upande wa mama tunawauliza wazee waziwazi, wachumba wakiwapo.