Mafunzo 4 Niliyopata Duka Lilipoungua

Usiku wa Jumanne moja, hitilafu ya umeme iliwasha moto uliokula fremu nne za mtaa wetu, Dar es Salaam. Yangu, duka la rejareja na uwakala wa fedha, ilikuwa ya pili.

1. Nakala isilale na daftari lake.
Daftari la madeni liliungua. Picha zake zilikuwa kwenye simu, na simu nilikuwa nimeiacha dukani ikichaji. Niliokolewa na bahati: siku 11 kabla, nilimtumia binti yangu picha za kurasa zote anijumlishie. Zilionyesha shilingi 640,000, na wengi walipoona mwandiko wangu walilipa. Lakini kwa siku nilikuwa nakopesha kama 40,000, hivyo siku zile 11 zilibeba 440,000 nisizoweza kuzidai. Waliokuja wenyewe kulipa ni wachache. Sasa ukurasa wa siku hutumwa kwa binti kila jioni kabla sijafunga. Moto ukirudi, sitapoteza zaidi ya madeni ya siku moja.

2. Floti haiungui, laini inaungua.
Pesa za kwenye droo ziliteketea. Floti ilibaki salama kwenye akaunti, ila kuirudisha laini ya uwakala nilidaiwa kitambulisho, TIN na leseni. Leseni na TIN vilikuwa vimebandikwa ukutani, palepale. Nilizungushwa wiki mbili. Siku hizi nakala za vyote, pamoja na mkataba wa fremu, ziko kwa dada yangu.

3. Pa kuuzia pawe mtaa mwingine.
Nilimtegemea jirani wa ukuta kwa ukuta anipe pa kuuzia, na fremu yake nayo iliungua. Kodi nilikuwa nimelipa miezi sita, minne ikiwa bado, na mwenye fremu akasema hela ameshaitumia. Mkataba haukutaja moto. Mkataba mpya unasema fremu isipofaa kutumika, kodi iliyobaki inarudishwa. Tena nimeelewana na mama muuza mkaa wa mtaa wa pili: mmoja wetu akipatwa, mwenzake atampa baraza kwa mwezi mmoja.

4. Anza na vinavyotoka kila siku.
Mwenye duka la jumla alifungua vitabu vyake, akaona ninavyonunua na kulipa, akanikopesha mali ya 300,000. Nilitamani kurudisha hata vyombo na vipodozi, akanikataza: kitu kinachokaa rafuni mwezi mzima kimekufungia hela. Nikachukua sukari, unga, mafuta ya kupima, sabuni, chumvi na viberiti. Siku ya tisa nilikuwa nauza barazani kwa dada. Mzigo uliisha ndani ya siku nne, nikamlipa mwenye duka la jumla nusu, nusu nikanunulia mwingine.

Mteja wa kwanza pale barazani alitaka mkopo wa unga. Niliandika jina lake kwenye daftari jipya, nikaazima simu ya dada, nikapiga picha.