Kwa Nini Divai Huzeeka Polepole Zaidi Katika Chupa Kubwa

Chupa ya kawaida ya divai hubeba mililita 750. Pipa la kuhifadhia divai katika mkoa wa Bordo, nchini Ufaransa, hubeba lita 225, kwa hiyo pipa moja hujaza chupa 300 kamili. Nusu chupa hubeba mililita 375, na magnamu hubeba lita 1.5, sawa na chupa mbili. Juu ya magnamu ziko chupa za lita 3, 6, 9 na hata 15, na nyingi kati ya hizo zimepewa majina ya wafalme na wazee wa Agano la Kale: Yeroboamu, Methusela, Nebukadreza. Majina hayo yana utatanishi, kwa maana Yeroboamu wa Shampeni hubeba lita 3, ambapo huko Bordo jina hilohilo hutumika kwa chupa iliyo kubwa zaidi. Ni salama zaidi kutaja lita.

Watu wanaohifadhi divai kwa miaka mingi wamegundua kwamba divai ya mwaka mmoja, iliyotoka katika pipa moja na kutiwa siku moja katika chupa za ukubwa mbalimbali, haizeeki kwa mwendo mmoja. Ile ya nusu chupa hukomaa mapema na kuharibika mapema. Ile ya magnamu hubaki changa kwa muda mrefu zaidi. Divai ni ileile, na kioo ni kilekile. Tofauti yatoka wapi?

Jibu lianze kwenye shingo ya chupa. Nusu chupa, chupa ya kawaida na magnamu huwa na midomo inayokaribiana sana kwa upana, na huzibwa kwa vizibo vya namna moja, vilivyokatwa kutoka katika gome la aina ya mwaloni unaoota katika nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Chini ya kizibo huachwa nafasi ndogo yenye hewa, ili divai ipate mahali pa kupanukia joto linapoongezeka. Nafasi hiyo nayo hailingani na ukubwa wa chupa. Ni karibu ileile kwa zote tatu. Basi kila chupa hupokea kiasi kinachokaribiana cha oksijeni, lakini kiasi hicho hugawanywa kwa divai nyingi au chache.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme hewa iliyobaki chini ya kizibo ni mililita 5. Oksijeni ni sehemu 21 katika kila sehemu 100 za hewa, kwa hiyo ipo mililita moja hivi ya oksijeni, yenye uzito wa miligramu 1.4 katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Katika nusu chupa kiasi hicho ni miligramu 3.7 kwa kila lita ya divai. Katika chupa ya kawaida ni 1.9; katika magnamu ni 0.9 tu. Tuseme tena kwamba kizibo hupitisha miligramu moja ya oksijeni kwa mwaka. (Vizibo vya asili hutofautiana sana, na katika miezi ya kwanza hewa iliyobanwa ndani ya kizibo chenyewe hutoka na kuingia chupani, lakini kwa hesabu yetu kiasi hicho chafaa.) Mgao wa kila mwaka utakuwa miligramu 2.7 kwa lita katika nusu chupa, 1.3 katika chupa ya kawaida, na 0.7 katika magnamu.

Oksijeni hiyo hufanya nini? Divai ina fenoli, yaani kampaundi zinazoipa rangi na ukakasi. Oksijeni, ikisaidiwa na chembe za chuma na shaba zilizomo katika divai, huzigeuza fenoli hizo, na wakati huohuo hutokea peroksidi ya hidrojeni, ambayo ni kali kuliko oksijeni yenyewe. Ni jambo la jamii moja na lile linalolifanya tunda lililokatwa ligeuke kahawia. Ili kuzuia madhara hayo, watengenezaji hutia dioksidi ya salfa, ambayo huikamata peroksidi na kuzirudisha fenoli katika hali yake. Kwa hesabu ya kikemia, miligramu moja ya oksijeni huweza kumaliza miligramu 4 za dioksidi ya salfa.

Tuseme divai yetu ilitiwa chupani ikiwa na miligramu 30 za kinga hiyo kwa lita. Hewa ya shingoni peke yake itaipunguzia nusu chupa miligramu 15, chupa ya kawaida 7.5, na magnamu kama 4. Kinga iliyobaki, ikiliwa na oksijeni ipitayo kizibo, itatosha mwaka mmoja na nusu hivi katika nusu chupa, miaka 4 na kitu katika chupa ya kawaida, na karibu miaka 10 katika magnamu. Muda halisi kwa kawaida ni mrefu zaidi, kwa sababu si oksijeni yote inayoishia kwenye salfa, na viwanda vizuri hufukuza hewa ya shingoni kwa gesi isiyo na oksijeni kabla ya kuziba. Hata hivyo mpangilio wa chupa hizo tatu haubadiliki.

Maelezo mengine husikika mara nyingi, nayo ni ya joto. Magnamu ina divai mara nne ya ile ya nusu chupa, lakini eneo la uso wake ni mara 2.5 tu. Kwa hiyo huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, kwa kadiri ya mara 1.6. Wanafunzi wanaweza kulipima jambo hili wenyewe kwa chupa mbili za umbo moja, moja ikiwa na ujazo mara nne ya nyingine: wajaze maji ya nyuzi 50, watie kipimajoto katika kila moja, na waandike joto kila baada ya dakika tano hadi lifike nyuzi 35. Unene wa kioo utaleta tofauti kidogo katika jibu.

Ukweli huo wa fizikia hauna shaka, ila uzito wake hutiwa chumvi. Saa chache za kuchelewa ni kinga dhidi ya jua la mchana au safari ya lori, wakati divai inapopanuka na kukisukuma kizibo. Lakini ghala likiwa na nyuzi 25 mwaka mzima, magnamu nayo itakuwa na nyuzi 25 mwaka mzima, sawasawa na nusu chupa iliyo kando yake.

Tena, si kila badiliko la uzee huhitaji oksijeni. Esta zinazoleta harufu ya matunda huvunjwa na maji yaliyomo ndani ya divai yenyewe, kwa mwendo unaotegemea joto na ukali wa asidi, wala si ukubwa wa chupa. Ndiyo maana haifai kusema kwamba magnamu huzeeka kwa nusu ya mwendo wa chupa ya kawaida, ingawa hesabu ya oksijeni yaelekea huko.

Faida hiyo pia haiendelei bila kikomo. Chupa za lita 3 na zaidi mara nyingi huwa na mdomo mpana unaodai kizibo kinene, na kizibo kinene ni kigumu kukipata bila nyufa. Nyingine hujazwa kwa mkono, na divai hukutana na hewa kwa muda mrefu kuliko mashineni. Katika Shampeni, chupa zilizo kubwa mno na zile zilizo ndogo mno huweza kujazwa kwa kumimina divai iliyokwisha chacha katika chupa nyingine, na hapo divai hupata oksijeni kwa mara ya pili.

Chupa kubwa iliyozibwa vibaya hujulikana kwa dalili zilezile za chupa ndogo. Kina cha divai huwa kimeshuka kutoka shingoni hadi begani. Divai nyeupe huwa na rangi ya dhahabu nzito inayoelekea kahawia, na nyekundu huonyesha rangi ya matofali ukingoni mwa bilauri kabla ya umri wake. Harufu yake hufanana na ya tufaa lililopondeka, na hiyo ni harufu ya asetaldehidi, kampaundi inayotokea peroksidi inapoishambulia alkoholi baada ya salfa kwisha.